Dondoo muhimu: Betri mbili, mikondo mitatu

Kwenye picha ya sakiti, kuza kwanza alama za betri: mstari mrefu ndio chanya. Chukua betri ya 12 V yenye rezista ya 1 Ω kushoto na ya 6 V yenye 2 Ω kulia, chanya zote zikielekea makutano ya juu, ambako rezista ya 6 Ω inashuka katikati. Chora mishale ya mikondo: I₁ kutoka betri ya 12 V na I₂ kutoka betri ya 6 V kuelekea makutano hayo, na I₃ ikishuka katikati.

Makutano: I₃ = I₁ + I₂
Kitanzi cha kushoto: 12 = I₁ + 6I₃
Kitanzi cha kulia: 6 = 2I₂ + 6I₃

Ukiiondoa I₃, unabaki na 12 = 7I₁ + 6I₂ na 6 = 6I₁ + 8I₂. Hapo I₁ = 3 A, I₂ = −1.5 A, I₃ = 1.5 A.

Usiifute ile hasi! Betri ya 6 V inachajiwa. Mkondo wake unakwenda kinyume na mshale uliouchora.