Gari Libaki, Ukuta Uondoke

Tuchukue Toyota IST ya rangi ya fedha, imeegeshwa uani mbele ya ukuta wa tofali, mwarobaini pembeni na kamba ya nguo inaonekana kupitia dirisha la gari. Unataka tangazo lioneshe gari tu. Programu ni GIMP, haina malipo.

1. Nusu ya kazi inafanyika kabla ya kupiga picha. Rangi ya gari ni kioo: mwarobaini ukijichora mlangoni, utabaki hapo hata ukiondoa ua mzima. Sogeza gari mahali pa wazi, piga asubuhi au siku ya mawingu. Simama mbali kidogo kisha vuta kwa lenzi, maana ukikaribia sana bampa inavimba na gari linapoteza umbo. Gari la fedha usiliegeshe mbele ya ukuta mweupe. Ukingo wa paa utapotea na utabaki unaukisia.

2. Sahau ile fimbo ya kuchagua rangi kwa mbofyo mmoja. Kwenye IST ya fedha itakula boneti pamoja na anga. Bonyeza B upate Paths, kuza picha hadi 200%, zunguka gari ukiweka nukta chache tu, pale mkunjo unapobadilika. Nukta zikizidi, paa linakuwa na mawimbi. Pita ndani ya ukingo kwa pikseli moja hivi, ili utepe wa rangi ya tofali usibaki ukizunguka bodi. Na tairi usizifanye duara kamili: pale zinapogusa ardhi zimelala kidogo kwa uzito wa gari.

3. Usifute chochote. Rudufu leya kwanza, utaihitaji kwenye kivuli. Bonyeza Shift+V njia yako igeuke eneo lililochaguliwa, lilainishe kwa Select > Feather ya pikseli moja, kisha bofya kulia kwenye leya ya juu, Add Layer Mask, chagua Selection. Zima jicho la leya ya chini, na ukuta unatoweka. Umefichwa tu. Kama umekata kioo cha pembeni kwa bahati mbaya, ondoa kwanza eneo lililochaguliwa, kisha paka nyeupe kwenye maski na kinarudi.

4. Vioo ndipo kazi nyingi zinapoumbuka. Gari limekatwa vizuri, liko kwenye mandhari safi, lakini dirishani kamba ya nguo bado inaning'inia! Wengine wanatoboa dirisha lote, na gari linaonekana kama lililovunjwa vioo usiku. Fanya hivi: zungushia vile vipande tu ambapo nje inaonekana, kati ya viti na nguzo za mlango. Viti na usukani viache. Kwenye maski, jaza vipande hivyo kijivu cha gizagiza, kiasi kwamba takriban robo ya picha ya zamani inabaki. Hicho kiwingu kidogo ndicho kinachofanya jicho liamini kuwa kuna kioo. Kama kijani cha majani bado kinachungulia, chagua vipande vilevile kwenye picha yenyewe, siyo kwenye maski, upunguze rangi kwa Hue-Saturation. Tinti nzito ni nafuu kwako, mara nyingi haihitaji kuguswa.

5. Gari bila kivuli linaelea. Kama ulipiga juu ya zege jeupe, bahati yako: ile leya uliyoizima chini ya gari iwashe tena, iondolee rangi, chagua hali ya Multiply, kisha kwenye Levels vuta kitelezi cha kulia hadi zege liwe jeupe na kupotea. Kinabaki kivuli halisi. Ficha vingine vyote kwa maski. Juu ya kokoto au majani mbinu hii haifai, kwa hiyo chora mwenyewe: mstari mwembamba mweusi pale tairi zinapokanyaga, kisha doa pana lililofifia chini ya gari. Mwanga uliokuwa ukitoka kushoto usilete kivuli kushoto.

6. Mandhari mpya iwe kijivu hafifu. Nyeupe tupu inameza paa la fedha. Kabla ya kumaliza, weka kwa muda leya nyekundu chini ya gari: kila pindo chafu litajitokeza, hasa kwenye antena na wipa ya nyuma.

7. Toa kwa JPEG, ubora 90, na uache nafasi pande zote maana tovuti nyingi hukata kingo za picha ndogo. Mkwaruzo wa bampa usiuguse. Umeondoa ua, hujapiga rangi gari, na mnunuzi atakuja kuinama pale pale na tochi ya simu. Weka pia picha mbili tatu zisizokatwa. Wanunuzi wazoefu wakiona gari liko hewani kwenye kila picha wanadhani halipo.