Taarifa kwa Waandishi wa Habari: Kutangaza Malipo kwa Simu

Kampuni changa ikiunda huduma ya kuwalipa wakulima kwa simu, huandika taarifa kwa vyombo vya habari na kuomba jina la chama litajwe humo. Yafaa katibu aisome rasimu kabla ya kukubali, kwa maana maneno yake yatasomwa redioni, na wanachama watakuja ofisini kuyadai.

Huu ni mfano wa kubuni. Kampuni imetengeneza njia ambayo mkulima wa kahawa akishapimiwa, fedha huingia katika simu yake. Rasimu yaanza hivi: "Kampuni inayo furaha kubwa kutangaza mapinduzi ya malipo. Sasa mkulima atalipwa papo hapo, bila makato yoyote."

Mhariri hapati habari hapo, kwani hakuambiwa ni wakulima gani, wapi, wala lini. Furaha ya kampuni si habari. Lakini hatari imo katika maneno "bila makato yoyote". Kampuni ilikusudia kusema kwamba haitozi ada ya kutuma. Mkulima atakapokwenda kwa wakala kuchukua fedha taslimu, mtandao wa simu utamtoza ada ya kutoa, na chama nacho kitakata deni la pembejeo kama kawaida. Vivyo hivyo "papo hapo" si kweli iwapo fedha hutumwa jioni, baada ya katibu kuthibitisha orodha ya mizani.

Aya hiyo ikiandikwa upya itasomeka hivi:

"Kuanzia tarehe 1 Julai, wakulima wa vyama vitatu vya msingi wataweza kupokea malipo ya awali ya kahawa kwa simu, jioni ya siku waliyopimiwa. Kutumiwa fedha hakuna ada. Atakayetoa fedha kwa wakala atalipa ada ya mtandao wake wa simu. Deni la pembejeo litakatwa kwanza. Asiye na simu ataendelea kulipwa ofisini."

Majina ya vyama na wilaya yatajwe katika sentensi inayofuata. Neno "awali" lisiachwe, la sivyo wengine watadhani malipo ya pili nayo yamekwisha kuingia.

Jambo jingine ni kibali. Nchini Tanzania, leseni za mifumo ya malipo hutolewa na Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Kampuni changa mara nyingi hutumia leseni ya mshirika wake, yaani benki au mtandao wa simu. Hapo isiandike kwamba "imeidhinishwa na Benki Kuu"; imtaje mshirika huyo na kueleza kuwa ndiye mwenye leseni.

Kauli ya mwenyekiti wa chama isiwekwe mpaka yeye mwenyewe aisome na kuikubali. Mwishoni iwekwe namba ya simu ya mtu anayezijua ada zote, maana swali la kwanza la mwandishi makini litakuwa: katika shilingi 200,000, mkulima atabaki na ngapi mkononi?