Kumkaribisha mpangaji mpya bila kumchimba

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam zina mlango mmoja wa mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, na ua wa nyuma wenye bafu, choo na bomba la pamoja. Mpangaji mpya akishusha vitu kutoka kwenye kirikuu, uani wote wanaona. Wanaona godoro lina ukubwa gani, nani kamsaidia kubeba, na kama kuna mtoto au hakuna. Yeye hamjui hata mmoja wao. Kwa hiyo siku ya kwanza wenyeji wanamjua yeye zaidi ya anavyowajua wao, na ujumbe mzuri wa kumkaribisha ni ule unaopunguza tofauti hiyo kwa kumpa habari, si kwa kumwomba nyingine.

Nazungumzia ujumbe wa maandishi kwa sababu watu wengi siku hizi hatukutani mchana. Mmoja anatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, mwingine anarudi saa tatu usiku. Karatasi iliyopitishwa chini ya mlango, au meseji fupi, inafanya kazi ambayo zamani ilifanywa na kukaa barazani. Ila maandishi hayana sauti wala tabasamu, na swali ambalo mdomoni lingepita kama salamu, likiandikwa linakaa pale likidai jibu.

Salamu zetu zenyewe ni maswali matupu. Habari za leo, za nyumbani, za safari. Hakuna anayeona anachunguzwa, kwa sababu jibu linajulikana tangu mwanzo: nzuri, salama, tunashukuru. Hata mwenye msiba hujibu nzuri kwanza, ndipo aeleze kama anataka. Shida inaanza kwenye swali ambalo “nzuri” haiwezi kulijibu. Umetokea mtaa gani? Unafanya kazi wapi? Umeoa? Hapo mtu inabidi atoe habari zake, au adanganye, au anyamaze aonekane ana maringo. Kipimo ninachokiamini ni hiki: ukimaliza kuandika, jiulize kama mwenzako anaweza kujibu “Asante sana, jirani” na mambo yakaisha bila yeyote kuona kuna kitu kimebaki. Kama hawezi, kuna swali limejificha humo. Litoe.

Tuchukue mfano. Dada mmoja amehamia Jumamosi jioni, peke yake, na mabegi, jiko la gesi na meza. Jirani mwenye moyo mzuri kabisa anamwandikia hivi:

“Karibu sana jirani! Naona umekuja na vitu vya maana, hongera. Mnatokea wapi? Shemeji naye anafika lini? Sisi hapa ni familia moja, usijifungie ndani. Namba yako nimepewa na dalali, nimeshakuweka kwenye grupu la nyumba. Kuna mchango wa ulinzi, utauona humo.”

Hakuna neno la chuki hapo, na aliyeandika angeshangaa akiambiwa amekosea. Lakini tupitie pamoja. Kumsifia vitu ni kumjulisha kwamba vimehesabiwa. Kumuuliza shemeji ni kuamua kwamba yupo. Huenda dada huyu ameachika mwezi uliopita, au amefiwa, au hajaolewa na amechoka kuulizwa. “Usijifungie ndani” ni lawama iliyokuja kabla ya kosa. Namba yake imetoka kwa dalali, mtu aliyepewa kwa ajili ya chumba tu. Na mchango ndio mbaya kuliko yote kwa wakati huo, maana mtu aliyehama leo mara nyingi ametoka kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, akamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja, kisha akalipa gari na wabebaji. Mfuko umekauka. Mambo ya ulinzi shirikishi yana wenyewe, na watamfikia.

Sasa habari hizohizo za ukarimu ziandikwe upya:

“Habari za jioni, jirani. Karibu sana. Naitwa Rehema, nipo mlango wa pili kushoto ukiingia. Maji ya bomba hutoka Jumanne na Ijumaa usiku. Siku nyingine tunachota kwenye simtanki ya nyuma. Mkokoteni wa taka hupita Jumatano saa moja asubuhi. Mita ya umeme ni ya pamoja, tunachangia LUKU, na mwenye nyumba ndiye anayepanga mgawanyo. Nimeacha ndoo na ufagio pale mlangoni kwangu, vitumie mpaka utakapofungua mizigo. Namba yangu nimeiandika hapa chini ukihitaji kitu. Pumzika kwanza, tutasalimiana.”

Ujumbe huu hauna swali hata moja, na bado ni wa moto kuliko ule wa kwanza. Joto lake limo kwenye ndoo na ufagio. Usiku wa kwanza mtu anahitaji kufagia vumbi la mpangaji aliyepita na kuoga, na vyombo vyake vimo chini ya mafurushi. Ukimwambia “ukihitaji chochote niambie” umempa kazi ya kuomba, na mgeni haombi. Ukimtajia kitu na mahali kilipo, anachukua bila kuinamisha uso.

Siku za maji na za taka pia si mambo madogo. Asiyejua kwamba bomba linatoka Ijumaa usiku atalala, na Jumamosi atanunua maji kwa dumu wakati wenzake wamejaza. Asiyejua ya taka ataweka mfuko nje siku isiyo yake, mbwa watauchana, na wa kwanza kusemwa ni yeye. Kumbuka pia usafi wa pamoja wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kama zimebaki siku chache, mtajie ili asigongewe mlango akashtuka. Andika tu unayoyajua kwa hakika. Ratiba ya maji ikiwa imevurugika, sema imevurugika.

Rehema amejitambulisha kwa jina na mlango, basi. Hakueleza ana watoto wangapi wala anafanya kazi wapi. Hilo lina sababu: ukimwaga maisha yako kwenye karatasi ya kwanza, mwenzako ataona anadaiwa na yeye amwage yake. Vilevile ametoa namba yake mwenyewe bila kuitafuta ya mgeni. Anayetaka kuwasiliana atapiga, na hapo namba yake utakuwa umeipata kwa mkono wake. Grupu la nyumba lisubiri. Ukimwingiza mtu kwenye grupu la WhatsApp, namba yake inaonekana kwa wote waliomo, wakiwemo asiowajua na wanaume ambao kesho wataanza kumwandikia usiku. Mweleze kwamba grupu lipo, linazungumzia nini, na akikubali mtumie kiungo ajiunge mwenyewe.

Neno la kumwitia nalo lina hatari zake. Huku kwetu mwanamke wa makamo huitwa mama, na linalofuata upesi ni “mama nani?” Ni heshima, lakini kwa aliyefiwa na mtoto, au aliyetafuta mtoto miaka mingi, ni kidonda. “Jirani” inamfaa kila mtu, kijana kwa mzee, na haidai maelezo. Akikuambia “niite Mama Fulani”, mwite hivyo kuanzia siku hiyo. Kama ni mtu mzima aliyekuzidi umri waziwazi, anza na shikamoo hata kwenye maandishi. Salamu ya dini usiitangulize kwa kukisia kutokana na mtandio au jina. Akikusalimu yeye kwa salamu ya dini yake, utajua la kujibu.

Kuhusu chakula, chai ya chupa na chapati usiku wa kwanza ni ukarimu usioshindwa. Ila tazama chombo. Sahani ya jirani kwa desturi hairudi tupu, kwa hiyo ukipeleka kwenye sahani yako nzuri umemtwika deni kabla hajajua soko liko wapi. Funga kwenye karatasi au mfuko, na chupa mwambie utaipitia mwenyewe kesho. Usipike nyama usiyojua kama anaila. Ukienda kupeleka, piga hodi mara tatu kama tulivyofundishwa, na pasipo jibu uondoke. Akifungua kidogo tu akasimama mlangoni, mkabidhi ukiwa hapohapo. Macho yasipite begani kwake kwenda chumbani.

Baada ya hapo nyamaza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: siku ya pili wanauliza “Hukuipata karatasi yangu?” Kama hakujibu, msalimie mkikutana bombani kama unavyomsalimu mwingine yeyote. Akitaja jambo mwenyewe, mathalani kwamba anaingia zamu ya usiku, ulizia hilohilo kwa kiasi alicholifungua: “Basi mchana tutawatuliza watoto upate kulala.” Usiruke kutoka kwenye zamu kwenda kwenye mshahara. Na dalili kwamba umemsogelea mno huwa zinaonekana. Majibu yanakuwa ya neno moja, anaanza kuchota maji usiku wa manane, anasema “tutaongea” na hamuongei. Ukiziona, rudi nyuma kwenye salamu tu, wiki mbili au tatu.

Kuna njia ya pembeni ambayo kwangu ni mbaya kuliko kumuuliza mwenyewe: kumuuliza mtoto wake, au dada wa kazi. “Baba yako yuko wapi?” Mtoto atajibu, na jioni atamsimulia mama yake. Uaminifu uliovunjika hivyo hauponi kwa chapati.

Wapo wenye haki ya kuuliza. Mwenye nyumba anahitaji jina kamili na idadi ya watakaoishi chumbani. Serikali ya mtaa, na kule Zanzibar sheha, wanahitaji kumtambua mkazi, na yeye mwenyewe atawahitaji siku atakapotaka barua ya utambulisho, kwa mfano kwa ajili ya kitambulisho cha taifa au akaunti ya benki. Jirani msaidie kwa kumwelekeza ofisi iliko. “Ofisi ya mtaa iko nyuma ya zahanati, hufunguliwa asubuhi” inatosha. Usimuulize kama ameshajiandikisha, wala usiende kumripoti ukidhani unamsaidia.

Kazini mambo ni yaleyale kwa mfanyakazi mpya. Mwambie chai huwa saa ngapi, nani hushika funguo za stoo, nani wa kumwona mashine ikigoma, na kwamba mchana mtakuwa mnakula kwa mama lishe wa pale nje, akipenda mfuatane. Kwa nini aliacha kazi ya zamani ni habari yake.

Kama uani kwenu kuna chumba kinachosubiri mtu, andika karatasi hiyo leo ukiwa na utulivu, uache wazi siku za maji na za taka ambazo huenda zikabadilika. Zijaze siku kirikuu itakaposimama getini.