Linganisha Odi Kabla Hujaweka Dau

Jumamosi asubuhi, kuanzia Umoja hadi Kayole, ubishi ni wa timu gani itashinda. Ni wachache wanaouliza ushindi huo unauzwa bei gani, na naamini hapo ndipo pesa nyingi za wabeti wa Eastlands zinapopotelea.

Tuseme kampuni moja inampa mwenyeji odi ya 2.10 na nyingine 2.20. Ukiweka dau la shilingi 100 mara mia moja kwa odi za aina hiyo, ukapatia 46, ile ya 2.10 itakurudishia 9,660, kwa hiyo umepoteza 340. Ile ya 2.20 itakurudishia 10,120, umebaki na faida ya 120. Mechi ni zilezile na ubashiri ni uleule.

Sababu ni kwamba kila kampuni hujikatia fungu lake ndani ya odi. Gawanya 1 kwa kila odi ya mechi, kisha ujumlishe. Mwenyeji 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40: jumla ni kama 1.08. Hiyo 0.08 inayozidi 1 ndiyo fungu la kampuni. Ukiokota odi bora kutoka kampuni tatu, mathalani 2.22, 3.40 na 3.60, jumla inashuka hadi 1.02. Bado imezidi 1, kwa hiyo bei nzuri peke yake haikupi faida. Lazima ubashiri wako uwe mzuri kidogo kuliko wa soko, lakini sasa huo "kidogo" unatosha.

Hapa Kenya kuna mtego wa kodi. Tangu Julai 2025, asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kubeti, na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Tuseme una shilingi 100 tayari kwenye kampuni ya 2.10, halafu unatuma 100 nyingine kwa M-Pesa ili ufuate 2.20. Zitakazofika ni 95, na 95 mara 2.20 ni 209. Ungebaki ulipokuwa ungepata 210. Umefukuza bei nzuri ukapata kidogo zaidi!

Ndiyo maana mimi hugawa pesa zangu za kubeti mapema kwenye kampuni tatu zenye leseni na kuziacha zizunguke humo. Sizihamishi kwa ajili ya mechi moja. Kabla ya kuweka dau nafungua zote tatu na kuhakikisha ni soko lilelile: ushindi wa dakika 90 haufanani na ule ambao sare inakurudishia dau, na odi za huo wa pili huwa ndogo. Kisha naisoma odi tena kwenye mkeka kabla ya kuthibitisha, maana inaweza kubadilika ukiwa bado unalinganisha. Ikishuka hadi kulingana na zile nyingine, naweka dau pale penye salio kubwa.