KUKADIRIA MAUZO YALIYOPOTEA BIDHAA INAPOISHA

Wasomaji wa somo la biashara wanajua kwamba daftari la mauzo huonyesha kila kitu kilichouzwa. Lakini kuna jambo moja ambalo daftari hilo haliwezi kulionyesha, nalo ni kile ambacho kingeuzwa kama kingalikuwapo. Siku ambayo sabuni imekwisha, daftari la mauzo laandika sufuri. Siku ambayo sabuni imejaa ghalani wala hakuna aliyeitaka, nayo yaandikwa sufuri vile vile. Sufuri hizi mbili hazifanani hata kidogo, na mwenye duka asiyezitenganisha atafikiri watu hawapendi bidhaa ambayo kwa kweli wameikosa.

Ili kuzitenganisha yahitajiwa vitabu viwili viwekwe pamoja mezani. Cha kwanza ni kitabu cha oda, ambamo karani huandika kila mteja alichotaka na kiasi alichopewa. Cha pili ni daftari la ghala, linaloonyesha siku kwa siku mzigo ulioingia, uliotoka, na baki. Tutachukua mfano wa duka la jumla linalouzia wenye maduka madogo katoni za sabuni ya mche. Duka hufungwa Jumapili, nasi tutatazama majuma manne, yaani siku 24 za kazi.

Mwanzo wa juma la kwanza ghalani mlikuwa na katoni 159. Juma hilo zikauzwa 66, na juma la pili 68. Juma la tatu Jumatatu ziliuzwa 11, Jumanne 10, na Jumatano 4, kisha adhuhuri sabuni ikaisha. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi hapakuuzwa kitu, wala Jumatatu ya juma la nne. Jumanne asubuhi mzigo mpya ukaingia. Siku hiyo ziliuzwa 17, na siku zilizofuata 12, 10, 9, na Jumamosi 17. Jumla ya mauzo ni katoni 224.

Mtu mwenye haraka atagawanya 224 kwa siku 24, apate 9 na kidogo, aseme huo ndio wastani wa siku. Hivyo sivyo. Amezihesabu siku za ukosefu kana kwamba wateja walikuwa na hiari ya kununua. Wastani wa haki hutoka katika siku zile tu ambazo daftari la ghala lathibitisha kwamba sabuni ilikuwapo tangu kufungua hadi kufunga. Tena siku za juma zisichanganywe ovyo. Katika duka hili Jumamosi ina wateja wengi, maana wenye maduka hujitayarishia Jumapili. Ukizitenga, utaona Jumamosi tatu zenye bidhaa ziliuzwa 16, 18 na 17, wastani 17. Siku nyingine zenye bidhaa ni 15, tukiiacha kando ile Jumanne ya mzigo kwa sababu nitakayoieleza, nazo ziliuzwa katoni 152. Wastani wake ni karibu 10.

Sasa twaweza kujaza zile sufuri. Jumatano ilistahili 10 ikauzwa 4, pungufu 6. Alhamisi 10, Ijumaa 10, Jumamosi 17, Jumatatu 10. Jumla ni katoni 53. Wengi husimama hapa na kutangaza kwamba duka limepoteza katoni 53. Hesabu hii ni ya juu mno, na vitabu vyetu viwili vyaweza kutuonyesha kwa nini.

Tazama ile Jumanne mzigo ulipoingia. Ziliuzwa 17 siku ambayo desturi yake ni 10. Zile 7 za ziada hazikutoka hewani. Ni wateja waliosubiri. Mauzo yao yalichelewa, hayakupotea, kwa hiyo twaziondoa, zikabaki 46. Ndiyo sababu pia Jumanne hiyo haikufaa kuingia katika wastani, ingaliukuza bure. Jumatano yake iliuza 12, lakini hizo 2 sikuziondoa, maana hata katika siku za kawaida mauzo hupanda na kushuka kiasi hicho.

Halafu fungua ukurasa wa sabuni ya aina ya pili, ile ambayo kwa kawaida huuza katoni 3 kwa siku na 5 Jumamosi. Katika siku zetu tano ingestahili kuuza 17. Ikauza 31. Wateja wa katoni 14 walikosa waliyoitaka wakachukua iliyokuwapo. Kwa sabuni ya kwanza hayo ni mauzo yaliyopotea, lakini kwa duka zima hayakupotea. Hivyo duka lilipoteza katoni 32. Msomaji aangalie vizuri tofauti hii, kwa kuwa mwenye kiwanda na mwenye duka wakiulizwa swali lile lile watajibu 46 na 32, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Mwaka 2002 wataalamu Gruen, Corsten na Bharadwaj walikusanya habari za maduka ya rejareja ya nchi nyingi, wakaona kwamba mteja akikosa bidhaa yake, karibu 31 katika kila 100 huenda duka jingine, 15 husubiri, na 9 huacha kununua kabisa. Waliosalia huchukua bidhaa nyingine pale pale. Si vema kuchukua hesabu hizo na kuzibandika juu ya duka la jumla. Mteja wetu si mama anayetaka mche mmoja wa kufulia, bali ni mwenye duka ambaye rafu yake ni tupu na wateja wake wamesimama mlangoni. Yeye hasubiri sana. Kila duka lapasa kusoma vitabu vyake lenyewe.

Hadi hapa tumetegemea zaidi daftari la ghala na mauzo. Kitabu cha oda chasema nini? Karani wa duka hili alikuwa mwaminifu, akaandika hata oda zilizokosa. Katoni zilizotakwa zisipatikane ni hizi:

Jumatano mchana: 6
Alhamisi: 12
Ijumaa: 9
Jumamosi: 10
Jumatatu: 4

Jumla ni 41, si 53. Tena ndani yake mna marudio. Mwenye duka aliyetaka katoni 3 Alhamisi akakosa, alirudi Ijumaa akaandikwa tena 3. Ukisoma majina moja moja na kufuta marudio, 8 zaondoka, zabaki 33. Karani asiyeandika majina hawezi kufanya kazi hii, na hesabu yake itavimba kila siku ukosefu unapoendelea.

Lakini kosa kubwa zaidi la kitabu cha oda huenda upande wa pili. Tazama jinsi Jumamosi, siku ya 17, waliouliza walikuwa 10 tu, na Jumatatu wakawa 4. Je, haja ya sabuni ilipungua mjini? Hasha. Habari ilienea kwamba duka halina sabuni, na watu wakaacha kuja kuuliza. Mteja aliyekwenda moja kwa moja kwa mshindani wetu hakuacha alama yoyote katika vitabu vyetu. Kwa hiyo kadiri ukosefu unavyorefuka, ndivyo kitabu cha oda kinavyozidi kunyamaza, na hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa.

Basi tulifuate kila jina katika zile katoni 33. Katoni 7 ni za wale waliorudi Jumanne, 14 ni za waliochukua sabuni ya pili, na 12 ni za watu wasionunua kitu. Hizo 12 ni hakika, maana tuna majina yake. Zilizobaki 20, ili kufikia 32, ni za wale ambao hawakuuliza, nazo twazijua kwa wastani tu. Jibu la haki ni kusema kwamba duka lilipoteza katoni zisizopungua 12, na yamkini kama 32. Namba moja iliyotajwa peke yake ingependeza zaidi, lakini ingeficha kwamba sehemu yake kubwa ni makadirio.

Kwa fedha, usihesabu bei nzima. Tuseme katoni hununuliwa Sh. 24,000 na kuuzwa Sh. 26,000. Kilichopotea ni faida ya Sh. 2,000, maana ile 24,000 haikutumika. Katoni 32 ni Sh. 64,000. Sabuni ya pili hutoa faida ya Sh. 1,500 tu, hivyo kila mmoja wa wale 14 aliyehamia huko alipunguza Sh. 500, yaani Sh. 7,000. Jumla Sh. 71,000, na kwa zile 12 za hakika tu, Sh. 31,000. Mteja aliyehama asirudi tena hamo humu, wala majuma manne hayawezi kumwonyesha.

Hesabu yote hii yategemea baki ya daftari la ghala iwe kweli. Mara nyingine daftari husema zipo katoni 3, kumbe ziliroa maji, au zilitolewa bila kuandikwa. Hapo siku ya ukosefu hujificha ikaonekana kama siku yenye bidhaa, na sufuri yake huuvuta wastani chini. Dalili yake ni bidhaa iendayo kumi kwa siku kukaa siku mbili mfululizo bila kuuza hata moja huku baki ikisema ipo. Ukiona hivyo usiendelee na kalamu. Nenda ghalani ukahesabu kwa mikono. Siku ambazo baki ni ndogo sana nazo zitazamwe kwa shaka, maana mteja wa katoni 10 akikuta 4 tu, pengine hachukui hata hizo.

Liko jambo moja lililobaki katika daftari letu, nalo ndilo la faida zaidi. Oda ya mzigo mpya kwenda kiwandani iliandikwa Jumatatu asubuhi ya juma la tatu, baki ikiwa katoni 25. Mzigo ulifika Jumanne ya juma lililofuata, baada ya siku 7 za kazi: siku sita za kawaida na Jumamosi moja. Mahitaji ya siku hizo ni 60 na 17, yaani katoni 77. Ukitoa 25 zapungua 52, karibu sawa na zile 53 tulizozipata kwa njia nyingine; ile moja iliyozidi ni kwa sababu Jumatatu hiyo iliuza 11 badala ya 10. Kwa hiyo mzigo ulipaswa kuagizwa baki ilipokaribia 77. Rudi nyuma katika daftari: Jumatatu jioni ya juma la pili baki ilikuwa 83, na Jumanne jioni 74. Oda ilichelewa siku nne za kazi.