Rafiki yangu ana fedha, mimi nina mashine: tuandikiane nini?

*Mimi na rafiki yangu tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Sasa tunataka kufungua mashine ya kukamua alizeti hapa Singida mjini. Yeye ana shilingi milioni 12, lakini ameajiriwa Dodoma, kwa hiyo hatakuwepo. Mimi nina mashine ya kukamulia niliyoinunua kwa mtu, na baba ametupa banda lake lililo kando ya barabara. Kazi ya kila siku nitaifanya mimi. Kwa mdomo tumekubaliana tugawane nusu kwa nusu. Nilipomwambia tuandikiane, akaniuliza kama simwamini. Je, nimekosea? Na tukiandika, tuandike nini?*

*Msomaji, Mandewa, Singida*

Hujakosea, mwanangu. Mwambie rafiki yako kwamba hata msipoandika neno moja, mkataba mtakuwa nao tu, ila hautakuwa wenu. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, watu wanaofanya biashara pamoja ili wapate faida ni wabia, wawe na karatasi au wasiwe nayo. Na pale wabia walipokaa kimya, sheria inasema kwa niaba yao: faida nusu kwa nusu, hasara nusu kwa nusu, na anayefanya kazi ya biashara halipwi ujira kwa kazi hiyo. Mwulize kama anaridhika kuweka milioni 12 kwa masharti hayo. Nawe jiulize kama unaridhika kuamka alfajiri mwaka mzima bila posho.

Anzeni na mtaji. Fedha yake inahesabika, lakini mashine yako haijahesabiwa. Mwiteni fundi mnayemkubali wote wawili, aikague, aseme bei ambayo ingeuzwa leo. Bei uliyoinunulia wewe haina kazi hapa. Kisha amueni jambo ambalo wengi hulikwepa: je, mashine inakuwa mali ya ubia, au inabaki yako na ubia unaikodi? Ikiwa mali ya ubia, ikiuzwa kesho fedha yake ni yenu wote. Ikibaki yako, si mtaji, na mkataba utaje kodi yake na nani atalipia matengenezo siku itakapoharibika.

Banda liacheni nje ya mtaji kabisa. Ni la baba yako, si lako, na neno "ametupa" halisemi kama ni kwa mwaka mmoja au milele. Andikeni mkataba mdogo wa upangaji na mzee, hata kama kodi ni ndogo. Siku wadogo zako watakapolitaka banda, rafiki yako asijikute ametoa milioni 12 kwa kiwanda kisicho na pa kukaa.

Tuseme fundi ameithamini mashine milioni 6, na mmekubali iwe mali ya ubia. Mtaji ni milioni 18: wake sehemu mbili, wako sehemu moja. Sasa tuchukue mwaka ambao, baada ya kulipa alizeti, umeme, vibarua na kodi ya banda, zimebaki milioni 9. Nusu kwa nusu, kila mmoja anachukua milioni 4.5, na mwenye milioni 12 ataanza kununa. Mkigawana kwa mtaji peke yake, yeye anapata 6 nawe 3, na hapo utanuna wewe uliyekaa mashineni. Njia ninayoipenda ni kutenganisha kazi na mtaji. Mkikubaliana ulipwe posho ya shilingi 300,000 kwa mwezi kwa miezi 10 ya kazi, hiyo ni milioni 3, nayo ihesabiwe kama gharama kabla ya faida. Zinabaki milioni 6: yeye 4, wewe 2. Jumla umepata 5 naye 4, na kila mmoja anaweza kueleza shilingi yake imetoka wapi. Viwango ni vyenu kupanga, lakini utaratibu huo uandikwe. Andikeni pia kama posho italipwa hata katika mwaka wa hasara.

Je, faida yenyewe mtaihesabu lini? Hapa ndipo mikataba iliyonakiliwa kutoka mijini inapowaponza watu wa alizeti. Mavuno yanaingia kuanzia Mei na Juni, bei ya mbegu ikiwa chini, na mwenye akili anajaza stoo. Julai droo ni tupu lakini magunia yamefika darini. Miezi michache baadaye mambo yamegeuka: fedha ipo, magunia yamekwisha. Atakayefungua droo na kuiita faida atakuwa anakula mtaji wa msimu ujao. Kwa hiyo mkataba useme hesabu inafungwa mara moja kwa mwaka, stoo ikiwa karibu tupu, tuseme mwisho wa Machi, na sehemu fulani ya faida inabaki kununulia mbegu kabla ya mgawo wowote. Mashudu yaingie daftarini kama mafuta yenyewe, kwa sababu wafugaji huyanunua kwa fedha taslimu na ni rahisi yakageuka mfuko wa aliyepo kiwandani. Dumu la mafuta linalokwenda nyumbani kwako, au kwenye harusi ya shemeji, liandikwe kwa jina lako na likatwe kwenye mgawo.

Majukumu yako ni mengi kuliko yake, lakini lililo muhimu zaidi kuandika ni mipaka. Kwa nje kila mbia anaweza kuufunga ubia kwa ahadi yake, na anayeudai ubia anaweza kumdai yeyote kati yenu deni zima. Pangeni kiasi unachoweza kutumia peke yako. Kukopa, kuuza kwa mkopo, na kuwakopesha wakulima kabla ya mavuno kuwe na idhini ya wote wawili kwa maandishi, na akaunti ya benki iwe na saini mbili. Mko wawili tu, kwa hiyo hakuna wingi wa kura: mtajeni mapema mtu mmoja atakayewaamua mkikwama.

Kuhusu kutoka, rafiki yako asiweze kusema Julai, "Nipe changu," wakati chake kimo ndani ya magunia. Anayetoka atoe taarifa ya miezi mitatu, na malipo yake yapigwe kwenye hesabu ya Machi: thamani ya mashine siku hiyo kwa neno la fundi, jumlisha mali na fedha, toa madeni, kisha sehemu yake. Anayebaki apewe nafasi ya kwanza ya kununua, kwa awamu zilizotajwa tarehe. Anayetoka awaarifu wanaowadai na kuhakikisha BRELA imebadilishiwa taarifa za jina la biashara, la sivyo ataendelea kudaiwa madeni ya watu wanaodhani bado yumo.

Kifo nacho kiandikwe, ingawa ulimi unakuwa mzito. Msipoandika, ubia unakufa na mbia, na warithi wanaweza kutaka mashine iuzwe katikati ya msimu. Andikeni kwamba warithi watalipwa thamani ile ile ya Machi, na kwamba mjane au mtoto hawi mbia mpaka aliyebaki akubali.

Mkimaliza rasimu, mpelekeeni wakili aipitie, sainini mbele ya mashahidi, kisha mlipie ushuru wa stempu TRA. Mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kuwa ushahidi mpaka ushuru ulipwe, na hapo pana adhabu juu yake. Fanyeni hayo kabla milioni 12 hazijaingia kwenye akaunti.