Muuzaji mpya? Linganisha jina kwenye karatasi tatu kabla hujatuma pesa

Umepata muuzaji mpya, bei yake ni nzuri na anataka malipo ya kwanza leo ndiyo aanze kazi. Kabla hujaweka PIN yako ya siri, mwombe vitu vitatu: cheti cha usajili wa biashara, KRA PIN na maelezo ya akaunti anayotaka ulipie. Wateja wetu wengi wanajua kuviomba. Shida huwa ni kwamba vikishafika kwenye WhatsApp, vinahifadhiwa tu bila kuangaliwa.

Hebu tuchukue mfano. Mwenye bekari mjini Nakuru anaagiza mifuko ya mkate yenye nembo yake. Kazi nzima ni KSh 180,000, nusu ilipwe kwanza. Kampuni ya vifungashio iko Nairobi na jina lake linaishia na "Limited". Anayezungumza naye kwa simu anajiita afisa wa mauzo. Karatasi zote tatu zinakuja haraka, na zinaonekana sawa. Sasa tuzisome moja baada ya nyingine.

Karatasi ya kwanza: usajili

Kenya, kampuni na majina ya biashara husajiliwa na Business Registration Service kupitia eCitizen. Namba ya usajili inakuambia unashughulika na nani. Ikianza na BN, hilo ni jina la biashara tu, na mwenyewe ni mtu binafsi au ubia. Ikianza na PVT, hiyo ni kampuni ya binafsi. Kampuni za zamani zinaweza kuwa na namba za mtindo mwingine, kwa hivyo usimkatae mtu kwa sababu hiyo pekee.

Cheti chenyewe kinaonyesha kwamba kampuni ilisajiliwa siku fulani. Hakikuambii kama bado ipo, wala ni nani anaiongoza leo. Ndiyo maana kwa kampuni unaomba pia CR12, karatasi inayotaja wakurugenzi na wenye hisa. Angalia tarehe yake. Ikiwa ni ya miaka miwili iliyopita, omba mpya, au uitafute mwenyewe kwenye eCitizen kwa kulipa ada.

Mwenye bekari anaona CR12 ya mwezi huu yenye wakurugenzi wawili. Kampuni ni ya kweli. Wengi wetu tungetuma pesa hapa hapa. Lakini jina la afisa wa mauzo halimo kwenye CR12. Hilo si kosa, maana mfanyakazi si lazima awe mkurugenzi. Ni jambo la kukumbuka tu tunapoendelea.

Karatasi ya pili: KRA PIN

KRA PIN si siri kama PIN ya simu yako. Muuzaji halali huiandika hata kwenye ankara zake, kwa hivyo usione haya kuiomba. Ina herufi moja mwanzoni, tarakimu tisa, na herufi moja mwishoni. Herufi ya kwanza ndiyo ya kuangalia: A ni ya mtu binafsi, P ni ya kampuni na taasisi nyingine zisizo mtu binafsi.

Mama mwenye jina la biashara la BN anayetumia PIN yake ya A hana tatizo lolote, kwa sababu biashara hiyo na yeye ni kitu kimoja kwa KRA. Lakini ankara ya "Limited" yenye PIN inayoanza na A inahitaji maelezo.

Usiishie kwenye picha ya cheti cha PIN, kwani picha huhaririwa. Fungua iTax, tafuta PIN Checker, andika PIN uliyopewa na usome jina linalotokea. Lifanane na lile la kwenye usajili. Kama amekupa pia cheti cha kutodaiwa kodi, nacho kina sehemu yake ya kuhakikishwa hapo hapo iTax.

Uliza pia kama atakupa ankara ya eTIMS. Tangu Januari 1, 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara hiyo kwa kawaida haikubaliwi na KRA unapopiga hesabu ya faida. Ikiwa bekari ni kampuni inayotozwa asilimia 30 ya faida, kukosa ankara ya mifuko ya KSh 180,000 kunaweza kuiongezea kodi ya KSh 54,000. Mifuko imefika salama, na bado umepata hasara.

Kwa upande wa bekari yetu, PIN inaanza na P na jina ni lile lile. Karatasi mbili zimekubaliana.

Karatasi ya tatu: akaunti

Hapa ndipo mambo yanageuka. Ankara inaelekeza malipo kwa Paybill ya benki fulani, na namba ya akaunti imeandikwa chini yake. Mwenye bekari anajaza maelezo, na skrini inamwonyesha jina la benki. Anapumua. Lakini jina hilo ni la mwenye Paybill, yaani benki. Mwenye akaunti ndani ya benki hiyo hajaonyeshwa kabisa.

Ukilipa kwa Till au kwa namba ya simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hujathibitisha. Lisome polepole. Till inaweza kuonyesha jina la duka badala ya jina la usajili, kwa hivyo likitofautiana, uliza kwanza. Kwa Paybill ya benki, omba barua ya benki yenye mhuri inayotaja jina la akaunti na namba yake. App nyingine za benki pia huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kutuma, na hapo unaweza kulinganisha mwenyewe.

Mwenye bekari anaomba barua. Afisa wa mauzo anasema mhasibu yuko likizo, na kwamba bei itapanda kesho. Basi mwenye bekari anatafuta namba ya ofisi ya kampuni kwingine, si ile iliyo kwenye ankara, na anapiga. Anaambiwa kijana huyo aliwahi kuwauzia kwa kamisheni, ila akaunti hiyo si yao. Cheti, CR12 na PIN vilikuwa halali. Pesa tu ndizo zilikuwa zinaelekea kwa mtu mwingine.

Kwa hivyo, fanya hivi

Jina moja lazima lipite kwenye usajili, KRA PIN na akaunti. Likikatika mahali, usitume bado. Kwa muuzaji mwenye jina la biashara, akaunti inaweza kuwa na jina lake mwenyewe, mradi ndiye anayetajwa kwenye usajili.

Unaweza kumwandikia hivi: "Habari. Tuko tayari kulipa. Tafadhali tutumie cheti cha usajili, CR12 ya karibuni, KRA PIN, na barua ya benki yenye jina la akaunti. Tukishalinganisha, tutatuma malipo ya kwanza siku hiyo hiyo."

Na akikutumia baadaye ujumbe kwamba akaunti imebadilika, rudia hatua ya tatu upya, kwa kupiga namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Ukituma kimakosa, tujulishe mara moja. Tunaweza kuomba pesa zirudishwe, ila mpokeaji akishazitoa, hatuwezi kukuahidi kwamba zitapatikana.